Kutenga kaseini ya maziwa kwa siki: jinsi ya kuifikia pH 4.6 bila kubahatisha

Malalamiko ninayopokea kuhusu zoezi hili yanafanana, yawe yametoka Tukuyu, Mafinga au Makambako. Mtu amepasha maziwa hadi yakawa vuguvugu, akatia vijiko vinne vya siki kama alivyoelekezwa, akakoroga. Maziwa yakaota chengachenga, lakini maji yake yakabaki meupe. Alipochuja, kitambaa kikaziba na nusu ya kaseini ikapita na maji.

Vile vijiko vinne ni vya maziwa yanayokaribia kuchemka. Kwa maziwa ya nyuzi 40 havifiki hata nusu ya kinachohitajika. Kinachokata maziwa ni pH kufika mahali fulani, na idadi ya vijiko inategemea joto la maziwa, ukali wa siki na maziwa yenyewe. Mwongozo huu unafuata lita moja ya maziwa kutoka mwanzo hadi kaseini kavu, kwa mwanafunzi au mwalimu anayefanya jaribio hili shuleni au jikoni. Mwishoni nimeweka njia ya anayetaka kula.

## Vinavyohitajika

- Maziwa mabichi ya ng'ombe, lita 1, ya siku hiyo hiyo
- Siki nyeupe ya asilimia 5, mililita 200 (soma lebo, kwani ikiwa ni asilimia 4 utahitaji zaidi)
- Kipimajoto kinachofika nyuzi 100
- Karatasi za pH zinazosoma kati ya 3.8 na 5.5
- Bomba la sindano la mililita 20 kutoka duka la dawa, bila sindano yenyewe
- Sufuria ya chuma cha pua au yenye enameli, na beseni la maji ya moto linaloweza kuipokea
- Kitambaa chepesi cha pamba, chujio, mwiko
- Mizani ndogo
- Bikaboneti ya soda, kijiko kimoja cha chai

Karatasi za litmasi nyekundu na bluu hazitakusaidia hapa. Zitakuambia kwamba kuna asidi, jambo unalolijua tayari. Hata zile za pH 1 hadi 14 zinaruka namba nzima nzima, na wewe unataka kutofautisha 5.0 na 4.6. Ukikosa za kipimo chembamba, usiache zoezi. Hatua ya 4 ina njia ya kujua bila karatasi.

Sufuria ya alumini iliyochakaa iache. Asidi huitafuna polepole, na kaseini yako itapata rangi ya kijivu.

## Kinachotokea ndani ya sufuria

Kaseini ni karibu asilimia 80 ya protini zote za maziwa ya ng'ombe. Haielei molekuli moja moja. Imejikusanya katika vitonge vidogo mno, visivyoonekana hata kwa hadubini ya shule, na ndani yake vinashikiliwa pamoja na kalsiamu fosfeti. Vitonge hivyo vikitawanya mwanga ndipo maziwa yanaonekana meupe. Kwa nje vimezungukwa na aina moja ya kaseini iitwayo kapa, ambayo mikia yake yenye chaji hasi imechomoza kwenye maji. Kitonge chenye chaji hasi kikikaribia chenzake, vinafukuzana. Kwa hiyo maziwa freshi, yenye pH ya takriban 6.7, yanatulia bila kukatika.

Ukitia siki unaingiza ioni za haidrojeni, ambazo zina chaji chanya. Mambo mawili yanaendelea kwa pamoja. Kalsiamu fosfeti inaanza kuyeyuka na kutoka kwenye vitonge, na pH inapokaribia 5 karibu yote imeshatoka. Wakati huo huo ioni za haidrojeni zinajishika kwenye sehemu hasi za kaseini na kuzizima moja baada ya nyingine. Ifikapo pH 4.6, chaji hasi na chanya juu ya kaseini zinalingana na jumla inakuwa sifuri. Hapo ndipo wanakemia wanapaita nukta ya isoelektriki. Hakuna tena cha kuvifukuza vitonge, vinashikana, vinatoka ndani ya maji na kuzama.

Ukiendelea kutia asidi kali baada ya hapo, kaseini inapata chaji chanya ya ziada, inaanza kufukuzana upya na kurudi kuyeyuka. Kwa hiyo 4.6 ni kama sakafu ya bonde: ukipanda upande wowote, kaseini inayeyuka.

Protini nyingine za maziwa, zile zinazobaki kwenye maji baada ya kuchuja, hazianguki kwenye pH hii maadamu maziwa hayajachemshwa. Ndiyo maana tunaweza kuzitenga na kaseini kwa siki peke yake.

Na kwa nini siki inahitajika nyingi? Maziwa yana fosfeti, sitreti na kaseini yenyewe, na zote zinameza ioni za haidrojeni kabla pH haijashuka. Tena asidi ya siki ni dhaifu. Karibu na pH 4.6, chini ya nusu ya molekuli zake ndizo zinazoachia haidrojeni. Mililita za mwanzo zinashusha pH haraka, za mwisho zinajikongoja. Wengi wanakata tamaa katika kipande hicho cha mwisho.

## Hatua ya 1: Chagua maziwa na yaondoe mafuta

Ukinunua, uliza yamekamuliwa lini. Mama mmoja anayeuza maziwa pale Uyole huwa hasubiri aulizwe: "Haya ya leo alfajiri, mwanangu, yale ya kwenye dumu la bluu ni ya jana jioni." Tofauti hiyo ina maana kubwa kwenye sufuria. Maziwa ya jana yaliyokaa bila ubaridi yameshaanza kuchachuka, pH yake imeshuka kidogo, na yatakatika kwa siki pungufu kuliko namba nitakazotoa hapa. Utadhani umekosea kumbe maziwa yalishaanza safari.

Usitumie maziwa yaliyochemshwa, wala ya boksi yanayokaa miezi bila friji. Joto kali limeshazifungua zile protini nyingine na kuzigandisha juu ya kaseini. Yatakatika, ndiyo, lakini utapata tope laini linaloshika maji mengi, na hutakuwa umetenga kaseini peke yake. Maziwa ya pakiti yaliyopashwa kwa kiasi tu yanafaa.

Yaache maziwa kwenye chombo kipana mahali pa baridi usiku mmoja, kisha engua malai. Juni na Julai huku kwetu usiku wenyewe unatosha. Miezi mingine tumia friji. Usipoengua, mafuta yatanaswa ndani ya mabonge, yatakuzidishia uzito na kaseini kavu itakuwa na mguso wa mafuta.

Angalizo: maziwa mabichi yanaweza kubeba vimelea vya brusela na kifua kikuu. Mabonge utakayopata kwa njia hii ni ya jaribio, hayaliwi wala hayaonjwi. Nawa mikono baada ya kazi.

## Hatua ya 2: Pasha hadi nyuzi 40, na joto lisishuke

Weka sufuria ndani ya beseni la maji ya moto hadi maziwa yafike nyuzi 40. Ukitaka kwanza kuhakiki kipimajoto chako kwenye maji yanayochemka, kumbuka mwinuko wa huku. Mbeya mjini, takriban mita 1,700 juu ya bahari, maji yanachemka karibu nyuzi 94. Kipimajoto kinachosoma 94 hapo ni kizima.

Joto lina kazi yake. Kaseini ikiwa imepoteza chaji, kinachoishikanisha kwa sehemu kubwa ni zile sehemu zake zinazokwepa maji, na mvuto huo unalegea kwenye baridi. Maziwa ya nyuzi 4 unaweza kuyafikisha pH 4.6 na yakabaki majimaji, halafu yakakatika yakianza kupata joto. Kwenye nyuzi 25 chembe zinakuwa laini na ndogo, zinaziba kitambaa. Kwenye 40 zinakuwa imara na zinazama zenyewe. Ukivuka 50 zinagandamana kuwa donge la mpira lililofungia asidi ndani, na ukivuka 70 zile protini nyingine zinaanza kufunguka na kuja pamoja na kaseini.

Siki nayo ipashe hadi ifikie joto hilo hilo. Asubuhi ya Julai kule Makete au Njombe, siki ya kabatini inaweza kuwa nyuzi 12. Mililita 160 za namna hiyo zinashusha lita moja ya maziwa kutoka 40 hadi 36, hapo bado hujahesabu ubaridi wa hewa. Acha sufuria ikae kwenye beseni muda wote wa kazi.

## Hatua ya 3: Tia siki kidogo kidogo huku ukikoroga taratibu

Vuta siki kwenye bomba, mililita 20 kwa mara moja, uimimine kama uzi mwembamba huku mwiko ukizunguka polepole. Kila baada ya bomba moja subiri nusu dakika.

Ukimwaga yote kwa mkupuo, pale inapotua pH inashuka sana kabla ya kusambaa. Linajiunda ganda gumu, ndani yake kuna maziwa ambayo hayajaguswa. Ukikoroga kwa nguvu nako unavunja chembe kuwa unga ambao hakuna kitambaa kitakachoushika.

Kwa lita moja ya maziwa ya kawaida na siki ya asilimia 5, tegemea mwendo huu:

Mililita 40: pH iko karibu 5.5. Kwa macho huoni kitu zaidi ya maziwa kuwa mazito kidogo.

Mililita 60, yaani vile vijiko vinne vikubwa: pH imeshuka hadi 5.2 au 5.3. Chengachenga zinaonekana ukiinua mwiko, maji bado ni meupe. Wengi wanaishia hapa na kwenda kuchuja. Hapana, endelea.

Mililita 80: pH iko karibu 5. Chembe zinaongezeka haraka na maji yanaanza kupauka.

Mililita 140 hadi 160: pH 4.6. Mabonge yanajitenga kabisa na kuzama, na maji yaliyobaki yanakuwa ya njano yenye ukijani, unaweza kuona kidole nyuma ya glasi. Rangi hiyo ni ya vitamini B2, ambayo ilikuwemo muda wote lakini weupe wa kaseini uliifunika.

Ukivuka 120, punguza kipimo hadi mililita 5 kwa mara moja. Namba hizi si amri. Ng'ombe wanatofautiana, malisho yanatofautiana, na siki nazo hazilingani. Karatasi na rangi ya maji ndivyo vya kuamua.

Ukitumia maji ya limao badala ya siki, ujazo unakuwa karibu ule ule, ila limao moja linaweza kuzidi jingine kwa ukali, kwa hiyo pima mapema zaidi. Ukitumia asidi ya asetiki ya maabara iliyopunguzwa hadi asilimia 10, gawa namba kwa mbili. Anayeipunguza kutoka kwenye ile iliyokolea avae glovu na miwani, amimine asidi kwenye maji na si maji kwenye asidi.

## Hatua ya 4: Hakikisha umefika

Usichovye karatasi kwenye mabonge. Chota maji yaliyo safi pembeni ya sufuria, weka tone moja kwenye karatasi, soma mara moja. Kati ya 4.5 na 4.7 ni pazuri.

Kama huna karatasi, au una shaka na rangi yake, fanya hivi. Chuja vijiko viwili vya maji kwenye glasi safi, kisha dondoshea matone machache ya siki. Maji yakipiga ukungu au yakiota chembe mpya, bado kuna kaseini iliyobaki: rudisha kila kitu sufuriani, ongeza mililita 5, koroga, jaribu tena. Yasipobadilika, umefika. Mimi naiamini njia hii kuliko karatasi zilizokaa kabatini zikipigwa na unyevu.

Wanaohofia kupitiliza wawe na amani kama wanatumia siki. Udhaifu wake ule ule unaoifanya ihitajike nyingi ndio unaokulinda. Hata ukitia maradufu, pH itaishia karibu 4.2, mabonge yatalegea kidogo lakini hayatayeyuka. Hatari ya kweli iko kwa anayetumia asidi hidrokloriki, maana mililita chache tu zinaweza kumvusha hadi chini ya 3.5 na mabonge yakaanza kupotea mbele ya macho yake. Mwenye metili chungwa maabara anaweza kupima tone la maji kwa hiyo: ikibaki njano hajavuka, ikianza kuwa ya rangi ya chungwa ameshavuka.

## Hatua ya 5: Acha itulie, chuja, osha

Funika sufuria, iache kwenye beseni dakika 10. Chembe zinaendelea kushikana na kukamua maji yake. Kisha tandaza kitambaa juu ya chujio umimine taratibu, maji kwanza na mabonge mwishoni. Maji yanatakiwa yapite bila kusukumwa.

Chukua maji uliyochuja kidogo, uyachemshe kwenye kikombe cha bati. Yataota ukungu na vipande vyeupe vyepesi. Hizo ndizo protini nyingine, zilizobaki kwenye maji hadi joto lilipozifungua. Ukiziona, ujue umetenga kweli.

Mabonge yaoshe mara mbili au tatu kwa maji ya uvuguvugu uliyotia matone ya siki hadi pH ya 4.6 hivi. Ukioshea maji matupu, hasa yenye chumvi nyingi ya ardhini, unaipandisha pH na sehemu ya nje ya mabonge inaanza kuyeyuka na kuteleza kama ute. Usipoosha kabisa, sukari ya maziwa inabaki ndani na kaseini yako itageuka kahawia ikikauka.

Kamua kwa nguvu, pima. Lita moja ya maziwa yaliyoenguliwa inatoa takriban gramu 80 hadi 100 za mabonge yaliyokamuliwa kwa mkono. Yavunjevunje, yatandaze mahali penye hewa, yageuze mara kwa mara. Yakikauka kabisa yanabaki kama gramu 25, magumu, ya rangi ya maziwa yaliyokolea.

## Hatua ya 6: Jaribio la kurudi na kwenda

Hatua hii inachukua dakika chache na ndiyo inayoonyesha kwamba chaji ndiyo iliyofanya kazi. Chukua bonge bichi lenye ukubwa wa punje ya hindi, lisage ndani ya nusu glasi ya maji vuguvugu, ongeza bikaboneti ya soda kidogo kidogo huku ukikoroga. Litatoa povu kwa sababu ya siki iliyobaki, kisha litayeyuka polepole na maji yatakuwa na weupe uliofifia. pH imepanda, kaseini imerudishiwa chaji yake hasi.

Sasa dondoshea siki. Povu likiisha, chembe nyeupe zitaanguka tena. Unaweza kuyayeyusha na kuyarudisha mara kadhaa. Yai lililochemshwa hulirudishi kuwa bichi kwa njia hii, kwa sababu joto limeiharibu protini yake. Kaseini yako imezimwa chaji tu.

## Ukikwama

Maji hayatakati hata baada ya mililita 180: pima joto kwanza, mara nyingi limeshuka chini ya 30. Rudisha sufuria kwenye maji ya moto uone. Kama joto ni zuri, soma lebo ya siki. Kama navyo viko sawa, huenda ng'ombe ana ugonjwa wa kiwele. Maziwa ya namna hiyo yana pH iliyo juu na kaseini pungufu, na mabonge yake huwa malegevu.

Mabonge ni mazuri lakini uzito ni mdogo sana: maziwa yametiwa maji. Asidi haiwezi kukupa kaseini ambayo haikuwemo.

Maziwa yalikatika kwenye vijiko viwili tu: yalikuwa yameshachachuka, au yalikuwa ya moto kuliko ulivyodhani.

## Kwa anayetaka ya kula

Hapa ndipo vile vijiko vinne vina mahali pake. Chemsha maziwa kabisa, yaondoe motoni, subiri yashuke hadi nyuzi 85 hivi, kisha tia maji ya limao vijiko vitatu hadi vinne vikubwa kwa lita, kidogo kidogo. Yatakatika pH ikiwa bado karibu 5.3, kwa sababu zile protini nyingine zimeshajigandisha juu ya kaseini, na joto hilo linaongeza nguvu ya kushikana. Utapata mabonge mengi zaidi kwa lita, laini na yasiyo machachu. Usiengue malai. Acha dakika 10, chuja, suuza kwa maji safi ya kunywa, tia chumvi, kandamiza chini ya sahani yenye uzito kwa saa moja. Yaweke mabonge kwenye friji na uyamalize ndani ya siku tatu.